Uzi: Kwa nini 21 ni "rubl" lakini 11 ni "rubley"? Wataalamu wa Kirusi njooni, Ijumaa nina mtihani

kijana_wa_Tandika
Wakuu habari zenu. Niko Voronezh, podfak, yaani mwaka wa kuandaliwa lugha kabla ya chuo, mwezi wa tatu sasa hivi. Herufi nimezimudu, kusoma nasoma, ila hesabu za bei zinanimaliza kabisa. Ijumaa tuna diktanti ya bei, mwalimu anasoma kiasi na sisi tunaandika kwa maneno, siyo tarakimu.

Shida yangu iko hivi. Shilingi kwetu ni shilingi, moja shilingi, kumi shilingi, milioni shilingi. Huku neno la hela linabadilika kila ukigeuka. 1 ni odin rubl. 2 ni dva rublya. 5 ni pyat rubley. Hapo nikasema sawa, nimekariri, kuanzia tano kwenda juu ni rubley. Kumbe 21 inarudi kuwa dvadtsat odin rubl!! Hela ishirini na moja halafu neno liko umoja kama vile una rubo moja mfukoni. Nikasema basi poa, kumbe inayoishia na moja ni rubl, jana kwenye zoezi nikaandika "odinnadtsat rubl" kwa 11, nimechorewa nyekundu. Na 12 nimeandika rublya, nyekundu. Sasa 11 inaishia na moja au haiishii? Nimekesha nayo naomba mwenye kuelewa anieleweshe kwa Kiswahili maana maelezo ya kitabu yenyewe yako kwa Kirusi.

Bwana_Fedha
Rubo kwa sasa inacheza vipi na shilingi mkuu? Kuna dogo anataka kutumiwa hela ya kujikimu huko

kijana_wa_Tandika
@Bwana_Fedha hapana kaka siulizii kubadilisha pesa, naulizia lugha, maneno yenyewe yanavyotamkwa

Mpenda_Lugha
Hii rahisi. 21 inakuwa umoja kwa sababu Mrusi anaichukulia kama "ya ishirini na moja", yaani ile rubo ya mwisho uliyoifikia kwenye kuhesabu, ndo maana inasimama peke yake. Angalia hata tarehe, dvadtsat pervoye, iko umoja.

Mzee_wa_Kaluzhskaya
@Mpenda_Lugha umekaribia ila umechanganya vitu viwili. Dvadtsat pervoye ni ya kupanga, siku ya ishirini na moja, na ya kupanga daima iko umoja, hata ya tano, hata ya kumi na moja. Kama sababu ingekuwa hiyo basi na 25 ingekuwa umoja, na siyo.

Kijana, mimi nilisoma Moskva kuanzia 1979, hilo jambo lilinitesa mpaka mama mmoja mpishi wa kantini yetu akanipa njia ambayo sijaiona kwenye kitabu. Alisema usitazame namba, sikiliza mdomo. Neno la hela linamfuata jirani yake tu, lile neno la mwisho lililotamkwa kabla yake. Yaliyotangulia huko nyuma halina habari nayo.

Kwa hiyo dvadtsat odin, neno la mwisho ni odin. Odin anataka rubl. Haijalishi nyuma kuna ishirini au elfu tisa. Dvadtsat dva, la mwisho dva, anataka rublya. Dvadtsat pyat, la mwisho pyat, rubley. Sto odin rubl, mia na moja. Sto rubley, maana hapo wa mwisho ni sto mwenyewe na sto ni wa kundi la rubley.

Na hili Kiswahili chako unalo tayari nusu yake. Unasemaje vitabu 21? Vitabu ishirini na KIMOJA. Ile "moja" ya mwisho imeshika ngeli ya kitabu peke yake, umoja, wakati vitabu ni vingi. Sisi umoja umeishia kwenye namba, Mrusi ameuvuta mpaka kwenye jina lenyewe.

kijana_wa_Tandika
Shikamoo mzee. Hapo kwenye vitabu ishirini na kimoja umenigusa sijawahi kuwaza hivyo. Lakini 11 sasa? Kumi na moja nayo inaishia na moja.

Mzee_wa_Kaluzhskaya
Marahaba. Kwa Kiswahili inaishia na moja. Kwa Kirusi haiishii na moja, na hapo ndipo wengi tunaanguka maana tunahesabu kwa Kiswahili kichwani halafu tunatamka Kirusi.

Litamke polepole: odin-na-dtsat. Hiyo "dtsat" ni neno desyat, kumi, limesagika kwa karne nyingi za kutamkwa haraka. Na "na" kwa Kirusi ni "juu ya". Kwa hiyo wao hawasemi kumi na moja, wanasema moja juu ya kumi. Neno la mwisho ni KUMI. Dve-na-dtsat, mbili juu ya kumi. Hivyo hivyo mpaka 19, devyat-na-dtsat. Wote kumi imekaa mwisho, wote rubley.

Kwenye karatasi 11 na 21 zote zinaishia na tarakimu 1, ndiyo maana jicho linadanganyika. Mdomoni moja inaishia na kumi nyingine inaishia na moja. Hata 111 ni sto odinnadtsat rubley, na 112 sto dvenadtsat rubley, lakini 121 sto dvadtsat odin rubl. Diktanti mwalimu anasoma kwa sauti, kwa hiyo una bahati, fuata sikio.

mama_Alina
Jamani mimi niko Kazan nimeolewa huku, naomba niongezee la kwangu kwa sababu limenitoa machozi siyo kwenye bei, kwenye umri wa mtoto. Alipofika mwaka mmoja nikajifunza odin god. Miaka miwili dva goda, mitatu tri goda, minne chetyre goda, nimezoea kabisa. Akafika mitano nikaenda kumwandikisha, yule dada wa mapokezi ananiuliza umri nikasema "pyat goda". Akaniangalia. Nikajaribu "pyat godov" maana nilijua tano inabadilika. Kumbe ni pyat LET, neno jingine kabisa, let ni lile lile la "leto" kiangazi, yaani viangazi vitano!! Na akifika 21 Mungu akipenda atarudi kuwa dvadtsat odin god. Sheria ni ile ile ya mzee ila neno la kundi la tano limebadilishwa lote.

Sasa @kijana ushauri wangu wa sokoni, sema "kilo". Usiseme kilogramm. Kilo haibadiliki, dva kilo, pyat kilo, dvadtsat odno kilo, imekaa vile vile. Miaka yangu miwili ya kwanza niliishi kwa kilo.

kijana_wa_Tandika
Asante dada hiyo ya kilo nimeiandika. Na kwenye kuagiza vitu vya kuhesabu, kama mikate, kuna neno la kukwepea pia?

mama_Alina
Shtuka, maana yake kipande au kimoja kimoja. Badala ya kuhangaika na jina la kitu unaonyesha kidole unasema "dve shtuki" au "pyat shtuk". Maumbo matatu tu ya kukariri: odna shtuka, dve shtuki, pyat shtuk. Unaona mbili imekuwa dve siyo dva, kwa sababu shtuka ni ya kike.

Swahiba_wa_Maskati
Assalaam alaykum. Hayo ya Kirusi ni Kiarabu hayo. Sisi huku Omani riyali moja, mbili ni riyalein, tatu mpaka kumi ni riyalat wingi, ikifika kumi na moja inarudi riyal umoja. Wamechukua kwa Waarabu bila shaka.

Mzee_wa_Kaluzhskaya
@Swahiba_wa_Maskati wa alaykum salaam. Hawakuchukua kwa Waarabu, ila kuna sehemu umegusa kitu cha kweli. Tofauti kwanza: Kiarabu kuanzia 11 mpaka 99 vyote ni riyal umoja, 21 na 25 hazitofautiani. Mrusi 21 ni rubl, 23 ni rublya, 25 ni rubley, anabadilisha humo humo ndani ya makumi ya ishirini. Kwa hiyo mashine siyo moja.

Ila ile riyalein yako, umbo la vitu viwili, Kirusi cha zamani kilikuwa nalo. Kulikuwa na umoja, uwili na wingi. Baadaye uwili ukafa katika lugha nzima, ila ukabaki umeng'ang'ania pale kwenye mbili, ndiyo rublya hiyo. Watu wakaona umbo hilo linafanana na roditelny ya umoja, ile padezhi, yaani umbo la jina, inayofanya kazi ya "ya" na "wa" kwetu, wakalihesabu kuwa ni hiyo hiyo, halafu tatu na nne zikavutwa na mbili zikakaa kundi moja. Ndiyo maana leo vitabu vinaandika "baada ya 2, 3, 4 weka roditelny ya umoja" na mwanafunzi anashangaa umoja umetoka wapi na vitu ni viwili.

Alama ya kaburi la uwili bado inasikika. Neno chas, saa. Ukisema "karibu saa nzima" ni okolo chAsa, mkazo mwanzoni. Ukisema saa mbili za muda ni dva chasA, mkazo mwishoni. Kama kweli ingekuwa umbo moja mkazo usingehama. Wachache wamebaki hivyo, dva shagA kwa hatua mbili, dva ryadA kwa safu mbili.

Na tano je? Pyat zamani ilikuwa jina kamili, kama sisi tunavyosema "maelfu ya watu" au "dazeni ya mayai". Pyat rubley maana yake ya kale ni "tano la rubo", na baada ya "la" lazima kitu kiwe wingi. Sita, saba, nane mpaka kumi hivyo hivyo, na dvadtsat ni makumi mawili YA rubo.

mama_Alina
Mzee wewe miaka yote hii unayakumbuka mpaka na mikazo

Mzee_wa_Kaluzhskaya
Yalinikaa kwa sababu ya nauli. Nilipofika, tramu ilikuwa tri kopeyki, trolleybasi chetyre kopeyki, basi na metro pyat kopeyek. Mpaka wa nne na tano nilikuwa naupanda kila asubuhi! Simu ya kibanda ilitaka sarafu ya dve kopeyki, ukiwa huna unamwomba mtu barabarani, na ukikosea umbo anakujibu kwa kukurekebisha kabla hajakupa.

Kijana toa sarafu zako mfukoni uzisome. Zimeandikwa 1 РУБЛЬ, 2 РУБЛЯ, 5 РУБЛЕЙ. Mtihani wako wa Ijumaa umechapwa kwenye chuma.

kijana_wa_Tandika
Mzee nimezitoa sasa hivi nimeziona kweli!!! Nimekuwa nazishika miezi mitatu nasoma tarakimu tu. Naziweka mezani hivi hivi mpaka Ijumaa.

bongo_devu
Nimeuona huu uzi nikakumbuka kazi yangu ya mwaka jana. Tulitengeneza app ya kuagiza chakula kwa mteja wa huko, mimi niko Dar, wao wakatuma maneno matatu tu wakasema panga wenyewe. Mwanzo nilifanya kama Kiingereza, moja neno moja, nyingine zote neno jingine, wateja wakawa wanaona "21 рублей" kwenye skrini, wakalalamika kweli kweli. Hii ndo niliyoandika baadaye:

```js
const maumbo = ['рубль', 'рубля', 'рублей'];
function umbo(n) {
  const k = n % 100, m = n % 10;
  if (k >= 11 && k <= 14) return maumbo[2];
  if (m === 1) return maumbo[0];
  if (m >= 2 && m <= 4) return maumbo[1];
  return maumbo[2];
}
```

Ule mstari wa 11 mpaka 14 ndo "moja juu ya kumi" ya mzee, sikujua sababu yake mpaka leo, nilikuwa nauona kama kero tu. 15 mpaka 19 hazihitaji mstari wake kwa sababu tarakimu ya mwisho ni tano kwenda juu, zinaangukia rubley zenyewe.

Kanjo_wa_Eldoret
@bongo_devu poa sana lakini hiyo ikipata 2.5 itakupea nini? m inakuwa 2.5, iko kati ya 2 na 4, inarudisha рубля, ni sawa lakini kwa bahati. Jaribu 5.5 sasa, itasema рублей na inafaa kuwa рубля, sehemu za desimali zote zinachukua hilo la katikati. Browser iko na hii kitu tayari, `new Intl.PluralRules('ru').select(n)`, 21 inakupea one, 2 inakupea few, 5 inakupea many, na desimali kama 1.5 inakupea other. Kwa hivyo uko na makundi manne si matatu.

bongo_devu
Daah ni kweli kuna bidhaa za kilo na nusu. Hiyo nitaibadilisha leo leo. Ila kuna sehemu moja haikunitosha, mteja alirudisha skrini ya kuchuja bei, tulikuwa na "от 21 рубль" yaani kuanzia rubo 21, wakasema mbaya. Nikafuata sheria yote sasa mbaya ni nini, mpaka leo niliifanya kwa kubahatisha.

Mzee_wa_Kaluzhskaya
Kwa sababu hiyo "от" ina padezhi yake inayoitaka, roditelny, na inapokuja ndiyo inayotawala wote, namba na jina. Sheria ya 1, 2, 5 tuliyoisema inafanya kazi pale bei imesimama yenyewe, kwenye sarafu, kwenye lebo, au muuzaji anaposema "s vas", yaani unalipa, kiasi fulani. Ukitanguliza "kuanzia" au "mpaka" au "karibu na", namba yenyewe nayo inabadilika: ot dvadtsati odnogo rublya, ot dvukh rubley, ot pyati rubley. Tazama ya mbili hapo, haiko tena rublya, imekuwa rubley, kwa sababu ule uwili wa kale umeondoka na padezhi ya kawaida imechukua nafasi. Kwenye skrini utaandika от 21 рубля, от 2 рублей, от 5 рублей. Unahitaji maumbo mawili tu hapo, moja la zinazoishia na odin na jingine la zote zilizobaki.

bongo_devu
Asante sana mzee. Kwa hiyo kwenye kuchuja bei nahitaji orodha nyingine kabisa ya maneno. Sasa nimeelewa kwa nini walinitumia faili mbili na mimi nikatumia moja.

kijana_wa_Tandika
Wakuu nimejaribu kutunga manunuzi yote ya sokoni niandike kwa maneno, bei nimeweka za mfano, naomba mnikosoe.

Viazi dva kilo, kilo moja sorok odin rubl, jumla 82, vosemdesyat dva rublya. Mayai odin desyatok (huku mayai yanauzwa kwa kumi kumi, siyo trei), 112, sto dvenadtsat rublya. Ndizi odno kilo, 161, sto shestdesyat odin rubl. Maziwa dva paketa, kila moja 83, vosemdesyat tri rublya, jumla 166, sto shestdesyat shest rubley. Jumla kuu nimepata 521, pyatsot dvadtsat odin rubl. Nimetoa noti ya elfu, tysyacha rubley, chenji chetyresta semdesyat devyat rubley.

mama_Alina
Mayai hayo mdogo wangu

kijana_wa_Tandika
Aaaah. Dve-NA-DTSAT. Kumi iko mwisho. Sto dvenadtsat rubley. Nimeandika huku namtazama 2.

Mzee_wa_Kaluzhskaya
Mengine yote sahihi. Na umeona jumla kuu imeishia kwenye rubl, mia tano na ushee halafu neno liko umoja, na haijakushtua tena.

Ongeza jambo moja kabla ya Ijumaa, maelfu. Tysyacha yenyewe ni jina la kike linalohesabika, kwa hiyo inabadilika kama rubl: odna tysyacha, dve tysyachi, pyat tysyach. Chumba cha elfu 21 ni dvadtsat odna tysyacha, siyo odin, kwa kuwa ni ya kike. Elfu 22 dvadtsat dve tysyachi. Elfu 25 dvadtsat pyat tysyach. Na rubo inayokuja baada ya elfu daima ni rubley, awe elfu wa aina yoyote, dvadtsat odna tysyacha rubley. Odin hapo hagusi rubo, anamgusa elfu, maana jirani wa rubo ni elfu. Lakini 2021 ni dve tysyachi dvadtsat odin rubl, jirani amebadilika.

Na kwenye vya kike kuna mtego mdogo wa "inagharimu". Stoit dvadtsat odin rubl, hubadilishi kitu. Lakini kopeyka na tysyacha zitageuka, stoit dvadtsat odnu kopeyku, stoit tysyachu rubley. Rubl ni ya kiume na haina uhai ndiyo maana haionyeshi badiliko lolote hapo.

Mpenda_Lugha
Mzee nakubali nilikosea mwanzo. Ila nimeona kitu nauliza, odin/odna, dva/dve zinafuata jinsia, halafu tri, pyat hazifuati. Si ni kama sisi tu? Watu wawili, watano, lakini watu sita, watu saba, hazishiki ngeli.

Mzee_wa_Kaluzhskaya
Umeona vizuri, japo sababu ni tofauti. Zetu sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu, zimeingia na mavazi yao hazikuvaa ngeli. Nane yetu inashika, vitabu vinane. Kwa Mrusi mstari umekatwa baada ya mbili, tatu hana kike wala kiume.

kijana_wa_Tandika
Nimerudi wakuu. Diktanti imekwisha, bei ishirini, nimekosa mbili. Moja ni 1,500, ningeandika tysyacha pyatsot rubley kwa usahihi kabisa ila mwalimu alisoma "poltory tysyachi" mimi sikujua hilo neno nikaacha wazi. Ya pili ni 314, nimeandika trista chetyrnadtsat rublya, ile nne imenipata tena.

Sasa leo nimepita sokoni yule mama wa samaki nimemuuliza bei ya mmoja mkubwa, kabla hajapima akasema "rubley dvesti". Siyo dvesti rubley. Kageuza. Nikatoa mia mbili, akapima ikawa 221, dvesti dvadtsat odin rubl alivyosema. Hakuna aliyekosea najua, ila nataka kujua kwa nini aligeuza mwanzo.

mama_Alina
Akigeuza maana yake "kama mia mbili hivi", anakadiria. Rubley dvesti, kama mia mbili. Minut pyat, kama dakika tano. Chasa dva, kama saa mbili hivi. Umbo la neno halibadiliki, linabaki lile lile la namba yake, ila kulitanguliza ndo kunaleta "hivi" yetu. Ukisikia hivyo usitoe hela kwanza, subiri mzani. Na poltory tysyachi ni elfu na nusu, 1,500, huku kila mtu anasema hivyo. Kwa kilo ni poltora kilogramma, a kwa kiume, y kwa kike.

Kanjo_wa_Eldoret
Na ukiongeza sifa katikati? Niliona kwenye tafsiri zetu "две большие пачки" na mwingine akaandika "две больших пачки", pakiti mbili kubwa. Reviewer mmoja akasema ya kwanza, mwingine akasema zote mbili ziko sawa.

Mzee_wa_Kaluzhskaya
Kwa vya kiume hakuna ubishi, dva bolshikh paketa. Kwa vya kike baada ya 2, 3, 4 mimi nilifundishwa bolshiye na ndivyo ninavyosema mpaka leo. Ila bolshikh nimeisikia kwa watu waliosoma na siwezi kusema wamekosea.

mama_Alina
Mimi naona bolshikh ndiyo ya kawaida kwa hapa Kazan, mume wangu anasema hivyo kila siku. Dve bolshikh.

Mzee_wa_Kaluzhskaya
Mume wako mmoja dada, odin muzh. Muulize na mama mkwe.

mama_Alina
Nimemuuliza sasa hivi yuko jikoni anakatakata kabichi. Amesema bolshiye, mume akasema bolshikh, sasa wanabishana wao, ngoja nizime jiko